Deni la Mama Liz

Marcella alipofika Isebania alikuwa na begi moja, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na barua ya shule iliyosema kwamba binti yake Lynnet hataruhusiwa kurudi darasani bila karo. Alitoka Rodi Kopany. Huko mumewe alikuwa fundi wa kushona, na alipofariki, cherehani ikachukuliwa na shemeji zake kabla hata matanga hayajaisha. Hakugombana nao. Alisikia kwamba kule mpakani kuna mfanyabiashara wa maharagwe anayetafuta mtu mzima wa kumuuzia, mtu asiyekunywa na asiye na jamaa karibu wa kuja kuomba omba kibandani, akapanda gari akaenda.

Mfanyabiashara huyo aliitwa Mwikwabe. Alikuwa Mkuria wa makamo, mnene kiasi, mpole wa sauti, na kibanda chake kilikuwa safu ya pili sokoni. Hakuuza kitu kingine ila maharagwe. Magunia yalivuka kutoka Sirare, upande wa Tanzania, juu ya mikokoteni, na Marcella aliyauza kwa kipimo cha gorogoro, lile kopo la bati ambalo kila mama wa soko analo. Mkewe Mwikwabe, Emmaculate, ambaye sokoni aliitwa Mama Cliff, ndiye aliyesema, "Mchukue huyu mama, ana uso wa kuaminika." Marcella hakusahau neno hilo.

Mambo yalipangwa hivi. Mshahara ulikuwa shilingi elfu tisa kwa mwezi. Mwikwabe alimlipia Lynnet karo ya muhula kwa mkupuo, shule ya bweni karibu na Oyugis, kisha akawa anakata elfu tatu kila mwezi. Chumba alichopewa kilikuwa nyuma ya kibanda, na mlango wake ulipakana na magunia. Kwa hiyo kazi, karo na mahali pa kulala vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mwanzoni Marcella aliliona jambo hilo kuwa baraka, kwa sababu halikumlazimu kutembea mbali.

Na kulikuwa na daftari. Lilikuwa la mistari, jalada la buluu, na Mwikwabe alimfundisha mwenyewe siku ya kwanza. Ukurasa wa kushoto, manunuzi: magunia mangapi yameingia na kwa bei gani. Ukurasa wa kulia, safu mbili: waliokopa, na pesa taslimu za siku. Chini kabisa, ushuru wa soko, mkokoteni na mlinzi, halafu salio lililobaki mkononi.

"Gunia moja ninahesabu gorogoro arobaini," Mwikwabe alisema. "Najua hutoa arobaini na moja. Hiyo moja ni ya kuongezea wateja konzi. Lakini arobaini lazima nizione. Ama nione pesa, ama nione jina la mtu."

Marcella aliyaelewa. Alikuwa ameacha shule darasa la nane lakini hesabu hazikuwahi kumshinda. Kila jioni kabla ya kufunga alihesabu mkebe na kusoma salio la pesa kwenye simu ya kibanda, akaandika. Miezi minne ikapita daftari likisimama sawasawa.

Mwezi wa tano Emmaculate alikuja kibandani mchana, akasimama karibu sana na mkebe.

"Mama Lynnet, nipe elfu mbili. Nitarudisha Ijumaa."

"Sawa, Mama Cliff. Niandike?"

"Usiandike. Ni ya nyumbani tu."

Ijumaa alizirudisha kweli. Marcella akaona ni jambo dogo la mtu na mumewe, halimhusu.

Mwezi wa sita Emmaculate alirudi, na safari hii hakurudisha. Tarehe mbili alichukua elfu tatu. Wiki iliyofuata elfu nne. Alisema mama yake amevunjika nyonga huko Ntimaru, na Mzee, yaani mumewe, na wakwe zake hawasemezani tangu mambo ya ng'ombe wa mahari, kwa hiyo hawezi kumwomba. Alilia kidogo alipokuwa akisema. Alichukua noti tu, hata siku moja hakukubali kutumiwa kwa simu. "Simu inaongea," alisema. Kila mara neno lilikuwa lile lile: usiandike, kabla ya mwezi kuisha zitakuwa zimerudi.

Kwa vile Marcella aliandika kila jioni kile alichokikuta kwenye mkebe, upande wa pesa haukuonyesha kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa inakua upande wa maharagwe. Yalipimwa, yakaondoka, na hakukuwa na pesa wala jina badala yake. Alikuwa na karatasi ndogo aliyoificha ndani ya foronya ya mto, ambamo alijumlisha. Tarehe ishirini na sita jumla ikafika shilingi elfu kumi na sita na mia nane. Gorogoro moja iliuzwa mia mbili na themanini. Hizo zilikuwa gorogoro sitini kamili.

Tarehe ishirini na tisa, mvua ikiwa imewafukuza wateja wote, Emmaculate alipita akiwa na mwavuli.

"Mama Cliff, kesho kutwa Mzee anakagua," Marcella alisema. "Zile pesa."

"Sijazipata."

"Basi nimwambie umechukua. Wewe ni mkewe, hatakuua."

Emmaculate alifunga mwavuli, akaingia ndani. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana amechoka. "Ukimwambia hivyo nitakataa. Nitasema sijui. Unafikiri atamwamini nani? Yule aliyekuwa hapa kabla yako alifukuzwa kwa mia tisa. Alitolewa vitu nje kabla chai yake haijapoa." Akaligusa daftari kwa ncha ya mwavuli. "Andika tu kwamba kuna mtu amekopa. Mwezi ujao nitazileta, utaandika amelipa. Nani ataumia?"

Akaondoka. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba Marcella hakusikia hata hatua zake.

Alikaa kitambo na daftari mapajani. Alimfikiria Lynnet, ambaye mwezi mzima ulikuwa bado mbele yake kabla ya muhula kufungwa. Alikifikiria kile chumba. Alifikiria kurudi Rodi Kopany, na kwamba hakukuwa na mahali pa kurudi. Kisha akafungua ukurasa wa waliokopa. Mwishoni mwa kila siku alikuwa na mazoea ya kuacha mstari mmoja mtupu, na sasa ile mistari mitupu ikamtazama. Akaandika jina la kwanza lililomjia: Mama Liz, hoteli, Sirare. Gorogoro kumi tarehe tatu. Kumi tarehe nane. Kumi tarehe kumi na nne. Kisha tarehe kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini na sita. Mara sita, kumi kumi. Alipomaliza, mkono ulikuwa umekufa ganzi kama vile alikuwa amebeba gunia.

Tarehe mosi asubuhi Mwikwabe alikuja, lakini hakuwa peke yake. Alikuja na dada yake mkubwa, Rispa, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Rispa alikuwa karani wa chama cha wakulima kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Emmaculate alifuata nyuma akiwa na chupa ya chai.

"Macho yangu siku hizi hayasomi vizuri," Mwikwabe alisema. "Dada atanisaidia. Usiogope, Mama Lynnet."

"Siogopi, Mzee," Marcella alisema, na akajisikia akiongopa hata katika hilo.

Rispa hakuanza na daftari. Alianza na magunia. Akayahesabu kwa kuyagusa moja moja: matano, yote yameshonwa mdomo. La mwisho lililokuwa wazi lilikuwa limeisha jana yake. Akaomba vile vikaratasi vya wauzaji wa Sirare, akavilinganisha na ukurasa wa kushoto. Magunia ishirini, elfu tisa kila moja, laki moja na elfu themanini.

"Mwezi ulianza na magunia sita," alisema akiandika kwenye karatasi yake. "Yakaingia ishirini. Yamebaki matano. Yaliyouzwa ni ishirini na moja. Mara arobaini, gorogoro mia nane na arobaini. Mara mia mbili themanini." Kalamu ilitembea. "Laki mbili, thelathini na tano elfu, mia mbili. Sasa tuone kama daftari linajua hivyo."

Akajumlisha pesa taslimu za siku zote: laki moja, themanini na saba elfu, mia sita. Akajumlisha waliokopa: arobaini na saba elfu na mia sita. Akaziweka pamoja. Zilitoka zile zile, laki mbili thelathini na tano elfu na mia mbili, bila kupungua hata ndururu.

Mwikwabe alicheka kwa furaha. "Unaona?"

"Bado mkononi," Rispa alisema.

Salio la kuanzia mwezi lilikuwa elfu ishirini na mbili na mia nne. Madeni ya mwezi wa tano yalikuwa yamelipwa yote, elfu kumi na nne. Ukiongeza mauzo ya taslimu, zote zilizoingia zilikuwa laki mbili na ishirini na nne elfu. Zikatoka za magunia. Zikatoka elfu mbili za mikokoteni, elfu moja ya mlinzi, na ushuru wa soko, shilingi sitini kwa siku, siku ishirini na sita. Zilitakiwa kubaki thelathini na tisa elfu, mia nne na arobaini. Rispa akamimina mkebe juu ya gunia: kumi na mbili elfu mia nne arobaini. Akasoma simu: ishirini na saba elfu.

"Kitabu kinasimama," alisema.

Emmaculate akamimina chai. Marcella alipokea kikombe, na kwa kitambo kifupi akadhani amepona. Lakini Rispa hakuwa amefunga daftari. Alikuwa ameshika kidole chake mahali fulani, akirudi kwenye safu ya ushuru, kisha kwenye waliokopa, kisha kwenye ushuru tena.

"Siku ishirini na sita," alisema polepole. "Mwezi wa siku thelathini. Hizo nne ni Jumapili, hamfungui."

"Hatufungui," Mwikwabe alikubali. "Jumapili Mama Lynnet anaenda kanisani."

"Tarehe kumi na nne hakuna ushuru. Ilikuwa Jumapili." Akageuza daftari ili Marcella aone. "Lakini Mama Liz amekopa gorogoro kumi."

Marcella alikitazama kidole. Chini yake ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, nadhifu, wino mweusi.

"Labda nilikosea tarehe," alisema.

"Inawezekana. Watu hukosea tarehe. Huyu Mama Liz namba yake ya simu iko wapi? Machuki umeandika namba. Chrispine umeandika. Mourine pia."

"Nilisahau."

"Mara sita?"

Mwikwabe aliweka kikombe chini. "Si kitu, dada. Sirare ni hapa tu. Tuwapitie wote, tuthibitishe, mambo yaishe."

Wakaenda. Hiyo ndiyo asubuhi ambayo Marcella angeikumbuka kuliko hata siku ya kumzika mumewe. Walikwenda kwanza kwa Machuki, mwenye hoteli karibu na maegesho ya malori. Akasema ndiyo, gorogoro hamsini, elfu kumi na nne, Ijumaa analipa. Walikwenda kwa Chrispine, anayepeleka chakula kwenye majiko ya shule. Arobaini, elfu kumi na moja na mia mbili, kweli kabisa. Mourine aliyekaanga chapati kando ya wabadilishaji pesa alisema ishirini, elfu tano na mia sita, akataka kujua kwa nini wanakuja kama polisi. Kila aliyekubali deni lake alikuwa anamsogeza Marcella hatua moja karibu na yule ambaye hayupo. Walimpitisha katikati ya madereva na mikokoteni, Rispa kulia, Mwikwabe kushoto, Emmaculate nyuma. Hakuna aliyemshika, wala hapakuwa na upenyo.

Karibu na kizuizi cha mpakani Mwikwabe aliuliza, "Sasa hoteli yake iko upande gani?"

Marcella alisimama. Alimgeukia Emmaculate. Alimtazama muda mrefu kadiri alivyoweza, akimpa nafasi, akimwomba kwa macho aseme neno moja tu. Emmaculate alikuwa anatazama lori lililokuwa linapekuliwa.

"Mzee, Mama Liz hayuko," Marcella alisema. "Nilimwandika mimi."

"Hayuko hotelini?"

"Hayuko popote."

Mwikwabe hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. "Elfu kumi na sita na mia nane," alisema. "Ulizila?"

"Sikuzila, Mzee. Zilichukuliwa kwenye mkebe kabla sijahesabu. Anayeweza kufungua mkebe si mimi peke yangu."

"Nani mwingine?"

Marcella akamtaja, akamwambia siku moja moja na kiasi. Emmaculate akageuka, akashika kifua.

"Mimi? Mimi niliyekuletea kazi? Mungu anakuona, Mama Lynnet. Una karatasi? Una ujumbe wa simu? Onyesha."

Hakuwa na kitu. Karatasi ya kwenye mto ilikuwa mwandiko wake mwenyewe, na mwandiko wake mwenyewe ndio uliokuwa umemtumbukiza.

Rispa alimtazama wifi yake kwa muda. Kisha akamtazama Marcella, akavua miwani. "Ungeandika siku ile ile alipochukua, leo daftari lingekutetea," alisema. "Ulipoandika uongo ulilifunga mdomo. Sasa hata ukisema kweli halina la kukusaidia."

"Najua, Mama."

"Ninaweza kukuamini. Lakini kuamini hakujumlishwi."

Waliamulia kibandani. Mwikwabe alitaka vitu vya Marcella vitolewe nje. Rispa alimvuta kando wakaongea Kikuria kwa dakika nyingi. Marcella hakuelewa chochote ila jina lake na la Lynnet. Waliporudi, Mwikwabe alisema Marcella atakaa. Atakatwa elfu mbili na mia nane kila mwezi kwa miezi sita, juu ya zile elfu tatu za karo. Rispa akachora safu mpya ndani ya daftari kwa rula: aliyechukua, kiasi, sahihi. "Hata kaka yangu atasaini," alisema. "Hata mimi nikichukua ya maji." Akapiga mstari juu ya Mama Liz mara sita, na pembeni akaandika jina la Marcella.

Yaani ilibaki elfu tatu na mia mbili za kula, sabuni na nauli ya kwenda kumtembelea mtoto. Hakumwambia Lynnet. Alimwandikia kwamba hataweza kuja siku ya wazazi kwa sababu kibanda kina kazi nyingi.

Wiki ya pili ya Julai, Emmaculate alikuja. Hakusimama karibu na mkebe. Alitoa noti mbili za elfu moja kutoka kwenye kitambaa, akaziweka juu ya gunia.

"Chukua. Nimeuza kuku. Ni za kukusaidia na lile deni."

Marcella alizitazama. Alizitaka. Alijua zingenunua nini na nini. Lakini aliona pia jinsi ambavyo mtu angeingia akamkuta na elfu mbili zisizo na maelezo mfukoni, naye ndiye mwenye jina pembeni ya daftari.

"Asante, Mama Cliff. Nitaandika zimerudishwa na wewe."

"Usiandike, tafadhali. Nakupa wewe, si kibanda."

"Basi mwambie Mzee unanipa mimi."

Emmaculate alisimama. Alifungua mdomo na Marcella akadhani sasa, sasa hivi atasema sawa. Mteja mmoja akaingia akiuliza bei. Emmaculate akaziokota noti zake, akazikunja ndani ya kitambaa, akaenda. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kibandani, na walipokutana njiani walisalimiana na kuongea hali ya hewa tu.

Mwisho wa Julai Rispa alikuja kukagua. Magunia, vikaratasi, waliokopa wenye namba zao, mkebe, simu. Alijumlisha, akajumlisha tena, akainua uso.

"Kuna shilingi mia mbili na themanini zaidi."

Marcella alisogea karibu na karatasi. "Zaidi?"

"Zaidi. Gorogoro moja imeuzwa haikuandikwa. Ziada nayo ni kosa, Mama Lynnet, ila hili halimuumizi mtu. Fikiria tu ni nani."

Alifikiria. Akapitia ukurasa mmoja mmoja kwa kidole, mchana kutwa, huku wateja wakimsubiri. Alasiri akakumbuka: mzee mmoja wa Kuria aliyekuja Jumatano mkebe ukiwa umeshahesabiwa na mvua ikianza, akalipa sarafu tupu, naye akakimbilia kufunika magunia kwa turubai. Alimwambia Rispa. Rispa akaandika, akasaini, akasema ni vizuri, akamwaga mkebe ndani ya mfuko na kwenda zake.

Marcella alibaki na magunia. Hapakuwa na kazi nyingine, na hakuna aliyemwagiza, lakini alifungua daftari mwanzo wa mwezi akaanza kujumlisha upya.